Zamu ya usiku wodi ya wazazi: orodha ya kazi mnaipangaje saa ya kwanza, na kipi hakitakiwi kupita?

Sista_wa_Kusini

Wakuu, habari za majukumu. Nimehamishiwa wodi ya wazazi waliojifungua, hospitali ya wilaya, Tanzania. Usiku tunakuwa wawili tu, mimi na mhudumu. Leba wako jirani lakini nao wana yao, na daktari anakuwa kolo, anakuja akipigiwa simu.

Naomba uzoefu kuhusu saa ya kwanza ya zamu. Unapokea repoti, unapewa mafaili, halafu unatakiwa uwe na orodha ya nani atafanyiwa nini na saa ngapi. Ili msinijibu kwa jumla, natoa mfano wa usiku wa kawaida. Tunapokea saa 1:30 usiku. Akina mama 22.

Kitanda 4 ametoka tiata saa 1 kamili, mtoto alitolewa saa 12:20 jioni. Kitanda 9 alipata kifafa cha mimba mchana, akaanzishiwa magnesiamu saa 11:40 jioni, akajifungua kwa kawaida saa 12:30. Kitanda 15 anaongezewa damu, chupa ilianza saa 12:50. Wengine 19 wana dawa za saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, na vipimo kila baada ya saa nne. Na vichanga vyao.

Ninyi mngeanzia wapi, na orodha ingekaaje kwenye karatasi?

Kijana_wa_Rosta

Hili tatizo lipo kila mahali. Kwetu inchaji akipanga naiti anarudia watu walewale, wengine hawaguswi. Mnatakiwa mkae kikao, orodha itoke mwezi mzima na kila mtu asaini.

Sista_wa_Kusini

Asante kaka, ila siulizi rosta. Nauliza orodha ya kazi za wodini kwa usiku mmoja, nikishaingia zamu.

Kitanda_kwa_Kitanda

Mimi nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, nitakwambia linalofanya kazi. Ukimaliza repoti, chukua mashine ya presha, kipimajoto na faili, anza kitanda namba 1 mpaka 22 bila kuruka. Presha, mapigo, joto, upumuaji. Ukimaliza una picha ya wodi nzima na hakuna aliyesahaulika. Baada ya hapo ndiyo unagawa dawa. Wanaoanza kwa kurukaruka ndio asubuhi wanakuta kuna mtu hakuguswa usiku kucha. Na macho yako yawe kwenye presha, hiyo ndiyo itakayokuambia nani anaharibika.

Mama_Patografu

Sista, shikamana na neno moja la kaka hapo juu: usiku usiishe kuna mtu hajaguswa. Ila kwa mpangilio wake kitanda 4 wako ataumia.

Piga hesabu. Mama mmoja na kichanga chake ukimpima vizuri ni dakika nne, na hapo hujaitwa na mtu. Akina mama 22 ni dakika 88, karibu saa moja na nusu. Ukianza kitanda 1 saa 1:45, kitanda 15 mwenye damu unamfikia inakaribia saa 3. Kitanda 4 utampima mara moja mapema, kisha hutamwona tena mpaka umalize mzunguko, na yeye ametoka tiata muda si mrefu. Mama aliyetoka kujifungua au kupasuliwa anatakiwa kuangaliwa kila robo saa kwa saa mbili za mwanzo, kisha kila nusu saa kwa saa moja, ndipo uende kila saa.

Kwa hiyo mimi sipangi kwa namba za vitanda wala kwa aina ya kazi. Napanga kwa saa. Kushoto mwa karatasi naandika saa, kulia kitanda na jambo. Na kabla sijaandika saa yoyote nagawa wodi mafungu mawili: wenye saa zao, na wanaoweza kusubiri nusu saa bila kudhurika. Katika mfano wako wenye saa zao ni watatu tu. Hao 19 ni wengi lakini wanasubiri.

Repoti usiipokelee mezani. Mshike anayetoka mkono, mwende pamoja kwa hao watatu, hata kama ana haraka ya gari. Mezani utaambiwa "kitanda 9 yuko vizuri, dozi saa 3:40". Kitandani utakuta mfuko wa mkojo umejaa nusu na hakuna anayejua umejaa tangu lini. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu saa 3:40 ukitaka kumchoma magnesiamu unatakiwa ujue ametoa mkojo kiasi gani. Huna pa kuanzia kuhesabu. Basi ukiwa na anayetoka bado yupo, someni kiasi kilichomo, aandike yeye kwenye chati, mfuko umwagwe, na wewe uandike: 19:40, mfuko sifuri. Kuanzia hapo kila tone ni la zamu yako na linahesabika.

Kitanda 4 muweke mkono tumboni mbele ya anayetoka. Mfuko wa uzazi uko usawa gani na kitovu, ni mgumu au laini? Fungua pedi, kisha pitisha mkono chini ya mgongo na makalio. Mama aliyelala chali baada ya ganzi ya mgongo damu inatiririka nyuma na kujikusanya kwenye mpira wa kitanda, huku pedi ya mbele inaonekana safi. Andika mlichokubaliana wote wawili.

Kitanda 15 angalia jina na namba ya chupa dhidi ya faili, angalia kanula kama haijavimba, angalia spidi. Chupa ya damu ikishaanza ina saa nne tu, kwa hiyo ya kwako mwisho wake ni saa 4:50 usiku. Mara nyingi utakuta inadondoka polepole kwa sababu mkono umekunjwa. Ukiligundua saa 2 unarekebisha. Ukiligundua saa 4:30 nusu ya chupa itamwagwa, na yule mama bado hana damu.

Hayo yote yanakula kama dakika ishirini na tano. Baada ya hapo ndiyo ukae uandike.

Sista_wa_Kusini

Mama nashukuru sana. Hili la mfuko wa mkojo sijawahi kuliona likifanyika kwetu. Kwenye karatasi naandika 19:40 au saa 1:40?

Mama_Patografu

Andika kama chati ya dawa inavyoandika, 19:40. Mdomoni sema saa zetu, lakini karatasi isiwe na "saa 4" peke yake. Nimeshaona chati imeandikwa "4:00", aliyeandika anakusudia saa 4 usiku, aliyesoma akaelewa saa 10 alfajiri. Dozi ilichelewa saa sita.

Dozi_ni_Dozi

Naomba kutofautiana kidogo na Mama hapo juu kuhusu mkojo. Magnesiamu ndiyo inayozuia kifafa kurudi. Ukianza kuichelewesha kwa sababu mfuko una mkojo kidogo unamwacha mama hatarini. Mkojo unategemea na maji uliyompa, na hawa wa kifafa cha mimba tunawabania maji makusudi, lazima mkojo uwe kidogo. Mimi naangalia goti. Nikigonga goti likaruka na anapumua vizuri, nachoma.

Mama_Patografu

Mdogo wangu, goti uko sahihi kuligonga, na uko sahihi kwamba dozi isirukwe kwa uvivu. Ila goti na mkojo havikuambii kitu kimoja.

Goti linakuambia magnesiamu iliyoko kwenye damu sasa hivi. Ikizidi, goti linaacha kuruka kwanza, upumuaji unafuata baadaye, ndiyo maana tunaligonga: linatupa muda. Mkojo unakuambia kitakachotokea na dozi unayotaka kuingiza, kwa sababu magnesiamu haina njia nyingine ya kutoka mwilini isipokuwa kwenye figo. Ukimchoma gramu 5 mama ambaye figo zake zimepunguza kazi, saa 3:40 goti litaruka vizuri kabisa, na saa 6 usiku halitaruka, na wewe uko kitanda 20 unagawa metronidazo.

Kwa hiyo kabla ya kila dozi ni vitatu pamoja. Upumuaji 16 au zaidi kwa dakika, uhesabu dakika nzima ukiangalia kifua. Goti liruke. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, ukitazama saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana sindano inasubiri na daktari anapigiwa.

Twende kwa kitanda 9. Saa 1:40 mfuko ulikuwa sifuri. Saa 3:40 zimepita saa mbili, nategemea mililita 60 au zaidi, na naongeza kile alichoandika aliyetoka ili nipate saa nne kamili. Tuseme nimekuta 40, na chati ya jioni haina kitu. Sikimbilii kusema figo. Kwanza naangalia mrija: mara nyingi mama ameulalia, au umejikunja chini ya paja, au mfuko umewekwa kitandani badala ya kuning'inia chini. Naunyoosha, napapasa juu ya kinena kama kibofu kimejaa. Kama kimejaa, mrija umeziba, na mkojo wenyewe upo. Kama kibofu hakina kitu na mkojo ni 40 tu, hapo napiga simu dozi ikiwa bado mkononi, namwambia daktari: upumuaji 18, goti linaruka, mkojo 40 kwa saa mbili, presha kiasi hiki. Yeye ndiye atakayeamua tungoje, tupunguze au tuendelee. Nikiwa na hizo namba nne simu inachukua dakika moja.

Jambo jingine kuhusu goti. Mama aliyetoka tiata kwa ganzi ya mgongo goti lake halitaruka kwa saa kadhaa, na magnesiamu haihusiki. Ukiligonga utaogopa bure au, mbaya zaidi, utazoea kulipuuza. Kwa huyo gonga kiwiko.

Dozi_ni_Dozi

Hilo la figo limeniingia. La kiwiko sikulijua kabisa. Ila bado nasema wengi wetu tunapokea wagonjwa ambao mkojo wao haujawahi kuandikwa tangu leba, na simu ya daktari usiku haipokelewi mara moja. Mtu afanyeje katikati hapo?

Mama_Patografu

Ndiyo maana dakika ya kwanza ya zamu ni ya kumwaga mfuko. Na simu usiipige saa 3:40. Saa 2:40 pita uangalie, mfuko uwe na 30. Kama una 10, una saa nzima ya kumtafuta daktari kabla dozi haijafika. Kwenye karatasi yangu kila dozi ya magnesiamu ina mistari miwili, wa dozi yenyewe na wa saa moja kabla yake.

Nesi_wa_Kilifi

Hamjambo. Mimi niko wadi ya watoto, huku Kenya, lakini shida ni ileile. Kwetu dawa inayoponyoka sana ni ya malaria kali. Sindano ya artesunati ni mwanzo, baada ya saa 12, halafu saa 24. Mtoto akiingia saa tisa alasiri, dozi ya pili ni saa tisa usiku. Sasa kuna mazoea ya kumbeba na mzunguko wa dawa wa saa nne usiku ili isisahaulike. Hapo umempa baada ya saa saba. Au mtu anaona saa tisa usiku ni mbali, anamwachia wa asubuhi, inakuwa saa 16 au 17.

Dozi ya huyu mtoto haijali mzunguko wa wadi, inafuata saa aliyoingia. Mimi naandika saa ya dozi ya kwanza kwa kalamu nyekundu juu ya faili na kwenye karatasi yangu naipa mstari wake. Na nikienda kumchoma napima sukari hapohapo, kwa sababu mtoto wa malaria kali anayelala usingizi mzito saa tisa usiku huwezi kujua ni usingizi au sukari imeshuka mpaka umtoboe kidole.

Swali kwa wenzangu wa wazazi: mnawaamsha akina mama usiku kupima?

Baba_wa_Mapacha

Nimefurahi umeuliza hilo. Mimi si muuguzi, nasoma tu. Mke wangu alipopasuliwa mwaka jana aliniambia hakulala kabisa usiku wa kwanza, kila mara anafunuliwa, anabonyezwa tumbo lenye kidonda, anavalishwa kitambaa cha presha. Alilia. Nilikasirika sana nikaona kama wanamtesa tu. Hivi ile ni lazima, au walikuwa wanamaliza karatasi zao?

Zamu_ya_Tatu

Pole kwa mama, baba. Nakujibu kwa mfano wa kweli wa wodi niliyowahi kufanya kazi, sitasema wapi.

Mama katoka tiata, amechoka, amelala. Anapumua vizuri, uso umetulia. Alipofika: mapigo 88, presha 118 kwa 70. Robo saa baadaye mapigo 96, presha 116 kwa 72. Robo saa nyingine 108, presha 112 kwa 70. Kisha 118, presha 106 kwa 68. Ukisoma presha peke yake, zote nne ni presha ambazo mtu anaziita nzuri. Kaka wa Kitanda kwa Kitanda naomba uangalie hapo. Mwili wa mwanamke kijana unaishikilia presha kwa muda mrefu huku damu inatoka, na kinachoshughulika kuishikilia ni moyo kwenda mbio. Presha ikija kuanguka ameshapoteza nyingi.

Mwenzangu alikuwa na desturi ya kugawanya mapigo kwa presha ya juu. 88 kwa 118 ni 0.75. 96 kwa 116 ni 0.83. 108 kwa 112 ni 0.96. 118 kwa 106 ni 1.11. Kwa aliyetoka kujifungua, ikipita 0.9 hakai tena. Kwa hiyo alishtuka kwenye kipimo cha tatu. Akafunua. Pedi ya mbele ilikuwa na doa dogo, chini ya mgongo kulikuwa na dimbwi. Tumbo lilikuwa laini kama unga uliokandwa, mfuko wa uzazi umepanda juu ya kitovu, na katheta ilikuwa imefungwa tangu tiata, kibofu kimejaa kikausukuma juu na kuuzuia kukaza. Akafungua katheta, akasugua tumbo, akaita watu, oksitosini ikaingia kwenye dripu, daktari akafika akaagiza na asidi ya traneksamiki gramu 1 polepole kwa dakika 10. Ile dawa inatakiwa iingie ndani ya saa tatu tangu mtoto atoke, na saa ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa juu ya karatasi yake, hakuna aliyeanza kufukua faili. Mama alibaki wodini, hakurudishwa tiata.

Yule mama asingefunuliwa kwenye kipimo cha tatu, asubuhi kingeamka kichanga chake, yeye asiamke.

Kwa hiyo baba, kumbonyeza tumbo ni lazima. Kilichokosekana kwa mke wako ni mtu wa kumwambia mapema: mama, kwa saa mbili nitakusumbua kila robo saa, naangalia damu, baadaye nitakuacha upumzike.

Baba_wa_Mapacha

Nimekuelewa sista. Hakuna aliyetuambia hivyo. Asante.

Kitanda_kwa_Kitanda

Nimekubali hoja ya mapigo, sikatai. Ila jamani na hao 19 wengine? Kuna mama wa siku ya pili, amejifungua kawaida, hana shida, mnataka aamshwe saa 6 na saa 10 usiku apimwe joto? Kwetu waliozaa kawaida na wako sawa tunawapima saa 4 na saa 12 asubuhi, usiku tunawaacha. Kukosa usingizi nako kunaweza kuchangia wazimu wa uzazi.

Zamu_ya_Tatu

Hapo sina ugomvi mkubwa na wewe, ingawa chati ikiandikwa kila saa nne mimi siibadilishi peke yangu, naenda kwa daktari abadilishe. Na hata nisipompima, napita na tochi. Naangalia kichanga kiko wapi, kimefunikwa pua au kiko chini ya titi, kitovu kinavuja damu au la.

Mama_Patografu

Mimi nawaamsha wa siku ya kwanza wote. Wa siku ya pili nakubaliana na inchaji wodi kwa wodi. Hapa hatutamaliza leo.

Sista_wa_Kusini

Wakuu, nimejaribu kuiandika kwa usiku ule wa mfano. Naomba mnikosoe.

19:30–19:55 vitanda 4, 9, 15 na anayetoka. Mfuko wa k9 sifuri.
K4: kila robo saa hadi 21:00, kila nusu saa hadi 22:00, kisha kila saa. Mtoto 18:20, traneksamiki mwisho 21:20.
K15: damu mwisho 22:50. Joto na mapigo kila saa.
20:40 k9 mkojo, upumuaji. 21:40 k9 vitatu, kisha dozi. 00:40 na 01:40. 04:40 na 05:40.
Kati ya robo saa za k4: wengine 19, watatu watatu, walio karibu naye kwanza.
22:00 dawa za wote. 06:00 tena.

Ninaloliona ni kwamba 21:40 mpaka 22:00 kuna msongamano. Dozi ya k9, k4 bado nusu saa, na dawa za watu 19. Nilifikiri nivute dawa zote kwenye mabomba mapema, saa 3, nizipange kwenye trei zikisubiri.

Mama_Patografu

Karatasi yako ni nzuri, nitakuambia mawili.

Dawa usizivute mapema. Mabomba ishirini yanayofanana kwenye trei, umeitwa leba kusaidia, umerudi, hujui lipi ni la nani. Panga chupa na mabomba yakiwa bado kwenye karatasi zake, kila kitanda kwenye kijisanduku chake na jina. Kuvuta ufanye ukiwa kando ya kitanda. Magnesiamu hasa, soma chupa kila mara: kuna ya mililita 10 yenye gramu 5, na kuna ndogo ya mililita 2 yenye gramu 1. Kwa gramu 5 unavuta mililita 10 za ile ya asilimia 50 pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2, unachoma ndani sana kwenye kalio, na unaandika kalio lipi ili inayofuata iende upande wa pili. Aliyechomwa mara mbili upande mmoja atakuambia mwenyewe kesho.

Kuhusu msongamano, metronidazo ya saa 4 ikiingia saa 4:30 hakuna atakayeumia. Kwa hiyo usiandike "22:00 dawa za wote". Andika "21:40 k9, 22:00 k4, kisha dawa kuanzia k1". Mtu akikuita katikati unajua unaloacha ni lipi. Na mhudumu wako mpe kazi yenye saa pia. Hachomi sindano, lakini kumwaga na kupima mkojo wa k9 akakusomea namba anaweza, na kufunua k4 akakuita akiona damu anaweza. Mwonyeshe mara ya kwanza ukiwa naye.

Halafu kwenye orodha yako hakuna kalsiamu glukoneti.

Sista_wa_Kusini

Sikuiweka kwa sababu haijaandikwa kwenye chati ya mtu yeyote.

Mama_Patografu

Haiandikwi kwa mtu, inawekwa kwa wodi. Ukiwa na mama mmoja kwenye magnesiamu, kalsiamu glukoneti iwe ndani ya wodi yako kabla anayetoka hajaondoka: chupa ya mililita 10 ya asilimia 10, ambayo ni gramu 1, na bomba lake, na mfuko wa Ambu unaofanya kazi umeushika mwenyewe ukaubonyeza. K9 akiacha kupumua saa 8 usiku unambana Ambu na kumpulizia huku kalsiamu inaingia mshipani polepole. Hilo ni jambo la dakika chache, huwezi kwenda kutafuta funguo. Kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa wa karatasi, kabla ya k4, ni "kalsiamu, nimeiona kwa macho".

Dozi_ni_Dozi

Kwetu iko tiata tu, kwenye kabati la mtoa ganzi, na famasi inafungwa jioni. Tukiuliza tunaambiwa ni dawa ya huko.

Sista_wa_Kusini

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Kwetu sanduku lipo kwenye trei ya dharura, chupa mbili, zote zimekwisha muda.

Mama_Patografu

Sista, nenda leba sasa hivi uazime moja, waandike kwenye daftari lao na wewe uandike kwenye lako. Kesho asubuhi wakati wa repoti mwonyeshe inchaji hizo mbili mkononi, oda ya famasi iandikwe hapohapo. Dozi, kwako usiombe "dawa ya tiata". Muulize mganga mfawidhi nani atakwenda kugonga mlango wa mtoa ganzi saa 8 usiku na wodi abaki na nani, halafu omba chupa mbili zikae wodini kwa saini, na zihesabiwe kila zamu pamoja na mofini.